Tiketi 60 kwa Siku 10: Usukume Matangazo au Usubiri?

Tuseme una shoo. Ukumbi unabeba watu 300, na lazima uuze tiketi 240 ndani ya siku 30 ili gharama zirudi. Siku ya kumi umeuza 60. Hapo tunahesabu pesa zilizoingia kwenye taarifa yako ya malipo, si wale wa "nitatuma kesho" kwenye grupu.

Zimebaki tiketi 180 na siku 20, yaani 9 kwa siku. Sasa angalia siku tatu za mwisho: kama unauza 4 tu kwa siku, uko nyuma. Lakini kabla hujalipia matangazo, cheki kalenda. Ikiwa ni tarehe 22, wengi bado wanangoja mshahara. Sisi tungesubiri mwisho wa mwezi. Ikiwa ni tarehe 8, sukuma sasa, kisha upime tena baada ya siku tatu. Kasi ikibaki 4, huenda shida ni bei au wasanii, na matangazo zaidi yatakula pesa bure.

Mauzo yakipaa, funga ukifika 285. Hizo 15 ni za waalikwa na malipo yanayochelewa kuingia. Ukiuza zote, utakuwa ukirudishia watu pesa mlangoni.