Muundi Ukianza Kuuma, Punguza Kilomita Kabla ya Kuacha Mbio

Dada mmoja wa kundi letu la mbio za pole, Dar es Salaam, alikuwa akikimbia kilomita 24 kwa wiki bila tatizo. Alipojiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, ambayo ina mpando mrefu wa kuelekea Mweka, alipanda ghafla hadi kilomita 36 na papo hapo akaongeza mazoezi ya vilima. Wiki ya tatu muundi wa kulia ukaanza kuuma. Maumivu yalikuja kilomita ya kwanza, yakapotea mwili ulipopata moto, kisha yakarudi jioni. Kwa kuwa yalipotea akiwa njiani, aliyachukulia kama uchovu tu. Hapo ndipo wengi hukosea, maana maumivu ya aina hiyo ndiyo dalili ya mwanzo kabisa.

Nilimwambia akae, akunje goti, apitishe kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, kuanzia juu kidogo ya kifundo cha mguu kupanda juu, akibonyeza taratibu. Aliumia eneo refu, karibu sentimita 12, sehemu ya chini ya mguu. Urefu huo ulinipa nafuu. Maumivu yaliyotandaa, zaidi ya sentimita 5 hivi, kwa kawaida ni mfupa na utando wake vilivyolemewa. Yakijikusanya mahali padogo unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, au ukishindwa kuruka kwa mguu huo mmoja, mfupa huenda umeanza kupata ufa. Hapo acha kukimbia kabisa ukamwone daktari. Vivyo hivyo maumivu yakiwa mbele katikati ya muundi, juu ya mfupa wenyewe, kwani ufa wa hapo hupona kwa shida. Mwanamke ambaye hedhi zake zimekatika asisubiri pia, maana mifupa yake inaweza kuwa imedhoofika.

Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo. Alitaka kulala wiki mbili, halafu aendelee alipoachia. Nilimkatalia. Mfupa unapopewa mzigo mpya, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochoka, kisha hujenga upya, na kujenga huchukua muda mrefu kuliko kuondoa. Ndiyo maana maumivu hupenda kuja wiki chache baada ya mzigo kupanda. Ukilala, maumivu yatatulia, lakini mfupa na vigimbi vitapoteza mazoea ya mzigo. Ukirudi kwenye kilomita 36 zilezile, utaumia palepale.

Kwa hiyo tulikata nusu: kilomita 18, siku tatu zisizofuatana, 5, 5 na 8, njia tambarare. Vilima na mbio za kasi viliondolewa kwanza, kwa sababu huulemea mguu kuliko kilomita za polepole. Alikimbia dakika nne, akatembea moja. Alifupisha hatua kidogo ili miguu ipige chini mara nyingi zaidi lakini kwa wepesi. Siku ya nne akaendesha baiskeli.

Kila siku alijipimia maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Akiwa mbioni yasivuke 2, na asubuhi iliyofuata, akishuka ngazi, yawe yamerudi yalivyokuwa kabla ya kukimbia. Asubuhi ndiyo kipimo ninachokiamini zaidi, kwa sababu mwili uliopata moto hudanganya. Nilimsihi pia asimeze dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, kwani ingemfichia namba hiyo.

Kila baada ya siku moja alisimama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa kidogo, akapanda na kushuka kwa vidole mara 12, seti tatu, polepole. Goti likikunjwa, kazi huuendea msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio unaosaidia sana kuubeba mwili unapokimbia.

Wiki ya pili alibaki kwenye 18. Ya tatu akapanda hadi 21, na asubuhi moja akaamka na maumivu ya 4. Hatukusimama, alirudi 18 kwa wiki moja zaidi. Wiki ya tano 21 zikakubali, ya sita 24, na sasa akikimbia bila kukatiza kwa kutembea. Vilima vilirudi wiki ya nane, kimoja tu kwa wiki, na wiki hiyo kilomita hazikuongezeka hata moja. Alikipanda kwa kukimbia na kuteremka kwa kutembea, kwa kuwa mteremko ndio uliokuwa ukimuumiza zaidi.