Saa tatu za kwanza za mgonjwa wa kipindupindu

Mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru, kisha ukaenea hadi Nairobi. Limuru si mbali na hapa Riruta. Mwanafunzi wa uuguzi wa jamii anayefanya mazoezi huku ajue hesabu ya maji kabla mgonjwa hajafika.

Tuseme analetwa mama muuza mboga wa kilo 50. Anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inakawia kurudi, na mpigo wa kifundo cha mkono hausikiki vizuri. Usingoje maabara. Tundika Ringa Lakteti: mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, yaani lita moja na nusu, halafu 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu, yaani lita tatu na nusu. Jumla ni lita tano kwa saa tatu. Wanafunzi wengi huogopa kiasi hicho wakaipunguza dripu, na hapo ndipo mgonjwa hupotea. Weka kanula nene, mbili ukiweza, uifungue dripu kabisa. Maji ya glukosi pekee hayafai, kwani hayana chumvi anazopoteza.

Pima mpigo kila dakika 15. Nusu saa ikiisha na bado ni dhaifu, rudia zile 30. Akiweza kumeza, aanze ORS hata dripu ikiendelea. Mkojo ukirudi, ni dalili nzuri. Mtoto wa chini ya mwaka hupewa kiasi hichohicho kwa saa sita: 30 kwa saa ya kwanza, 70 kwa tano zinazofuata. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake, mwite mkubwa wako.

Mtenge mgonjwa na wengine, abaki na mtunzaji mmoja anayenawa kwa sabuni kila anapomgusa. Ndoo ya kinyesi na ya matapishi zitiwe klorini ya asilimia 2: gramu 30 za unga wa klorini wa asilimia 70 kwa lita moja ya maji.

Kisha mjulishe afisa wa afya ya umma, uende nyumbani kwa mgonjwa na mhudumu wa afya ya jamii. Pima klorini ndani ya mtungi wa kunywea, kwa maana maji safi ya bomba huchafuliwa na mtungi au kikombe kinachochovywa. Tembe moja ya klorini ya miligramu 67 hutosha lita 20 za maji maangavu. Yakae nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza.

Majirani waambie jambo moja waziwazi: mtu akianza kuharisha, anyweshwe ORS papo hapo, na aendelee kunyweshwa njiani kuelekea kituo cha afya.