Karani Akienda Likizo ya Uzazi, Barua Pepe za Wadi Zinabaki na Nani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Miezi hiyo ni haki yake. Lakini barua pepe za wananchi haziendi likizo, na baadhi yake zina siku zilizohesabiwa. Somo la toleo hili linaonyesha jinsi kisanduku cha barua pepe kinavyokabidhiwa kwa mwenzake bila kumpa neno la siri, na litamfaa pia katibu wa chama cha ushirika, mweka hazina wa kikundi au karani wa shule.

Tuchukue mfano wa karani wa afisi ya wadi katika Moiben. Likizo yake inaanza Jumatatu, Februari 2, 2026, na miezi mitatu inaisha Ijumaa, Mei 1, ambayo ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Atarudi kazini Jumatatu, Mei 4. Mnamo Januari 26, mkazi mmoja alimwandikia akiomba nakala ya mkataba wa kumwaga changarawe kwenye barabara ya kijijini kwao.

Barua hiyo si ya kawaida. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma ifanye uamuzi juu ya ombi kama hilo ndani ya siku 21 tangu ilipolipokea, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inayoombwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa. Ukihesabu kuanzia Januari 26, siku ya mwisho ni Februari 16. Wakati huo karani atakuwa nyumbani na mtoto, na barua ikilala kisandukuni mkazi atakuwa amenyimwa habari ingawa hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kumnyima.

Katika afisi nyingi, njia inayotumika ni kuandika neno la siri kwenye karatasi na kumwachia mwenzako. Inaonekana rahisi hadi siku mwenzako anapofungua kutoka kompyuta nyingine, na Google ikatuma nambari ya uthibitisho kwa simu ya mama aliyejifungua juzi. Tena barua zote zitatoka kwa jina la aliye likizoni. Mwezi wa nne akiulizwa ni nani aliyemwahidi mkazi fulani kitu fulani, hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Gmail ina njia mbili bora, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumpa mwenzako ruhusa ya kuingia katika kisanduku chako akitumia akaunti yake mwenyewe. Atasoma, atajibu na atafuta barua kwa niaba yako, lakini hawezi kubadilisha neno lako la siri. Ya pili ni kanuni ya kupeleka, ambapo barua zenye maneno fulani hutumwa nakala kwa mwenzako zinapoingia.

Tofauti yake inaonekana wakati wa kujibu. Mwenye ruhusa akijibu, jibu linabaki katika kisanduku cha wadi, chini ya barua ile ile, na likiwa na jina la aliyelituma. Aliyepelekewa nakala akijibu, jibu linatoka katika anwani yake, na mkazi akiandika tena mazungumzo yanaendelea huko huko. Karani akirudi Mei ataona maswali tu, majibu hayapo. Kwa hiyo kwa kisanduku cha kazi, ruhusa ndiyo njia ya kwanza.

Ina kasoro moja kubwa: huwezi kutoa ruhusa ya nusu kisanduku. Anayeingia anaona kila kitu, pamoja na matokeo yako ya kliniki na taarifa za benki ikiwa umezoea kutumia anwani moja kwa kazi na nyumbani. Ikiwa ndivyo ulivyo, na huwezi kuyahamisha ya nyumbani kwanza, basi tumia kanuni ya kupeleka na uukubali upungufu wake.

Ruhusa hupangwa kwenye kompyuta. Fungua "Settings", kisha "See all settings", na uende "Accounts and Import" (katika akaunti ya afisi huandikwa "Accounts" tu). Tafuta "Grant access to your account", bonyeza "Add another account" na uandike anwani ya mwenzako. Hapo hapo chagua "Leave conversation unread when opened by others" ukitaka barua zibaki kama hazijasomwa hata baada ya mwenzako kuzifungua. Binafsi nashauri uchague ile nyingine, ya kuziweka zimesomwa, kwa sababu kwa miezi mitatu yeye ndiye anayehitaji kujua alipofika.

Mwenzako atapata mwaliko, na lazima aukubali. Mwaliko hukatika baada ya wiki moja, na hata ukikubaliwa huenda ikachukua hadi saa 24 kabla kisanduku kuonekana upande wake. Ndiyo maana kazi hii haifanywi Ijumaa jioni kabla ya likizo. Karani wetu aifanye kufikia Jumatatu, Januari 26, ili wiki nzima ibaki ya kujaribu. Kama anwani yake ni ya afisi na sehemu hiyo ya ruhusa haionekani, msimamizi wa mitambo hajaifungua, naye aombwe mapema. Anwani za afisi hupeana ruhusa ndani ya shirika lile lile, kwa hiyo asijaribu kumweka mtu wa Gmail ya kawaida.

Kanuni ya kupeleka bado ina kazi yake. Karani anaweza kutaka maombi ya habari yamfikie pia msimamizi wa wadi, ambaye hataingia kisandukuni kila siku. Aende "Forwarding and POP/IMAP", abonyeze "Add a forwarding address", na msimamizi athibitishe kwa nambari atakayotumiwa. Kisha atengeneze kichujio, na katika nafasi ya "Has the words" aandike:

```
{ombi maombi mkataba mikataba barabara barabarani}
```

Mabano hayo yanamaanisha kwamba neno moja lolote kati ya hayo linatosha. Angalia kwamba kila neno limeandikwa kwa sura zake mbili. Gmail hutafuta neno zima, na haijui kwamba "barabarani" ni barabara ile ile yenye mkia. Ukiandika "ombi" peke yake, barua ya mzee aliyeandika "maombi yangu" itapita bila kupelekwa. Wala usichuje kwa kichwa cha barua, maana wakazi wengi huandika "Hujambo" au huacha nafasi hiyo wazi. Na kumbuka kwamba kanuni hugusa barua mpya tu. Ile ya Januari 26 tayari iko ndani na haitapelekwa.

Kujaribu, tuma barua kutoka anwani ya tatu, ya mtu asiyehusika. Msimamizi mwenyewe akituma, nakala itamrudia yeye aliyeiandika, na Gmail huenda isimwonyeshe tena. Atadhani kanuni imeharibika kumbe inafanya kazi.

Sasa lile ambalo hakuna kompyuta inayolifanya: taarifa ya hali. Anayepokea kisanduku anaziona barua, lakini haoni ulichomwahidi mtu kwa simu au ulichoambiwa korido. Taarifa iwe ukurasa mmoja, na iwe na mambo yaliyo wazi peke yake. Ya karani wetu inaweza kusomeka hivi:

"Ombi la nakala ya mkataba wa changarawe. Limepokelewa Januari 26. Nimelipeleka kwa msimamizi Januari 27, bado hajajibu. Siku ya mwisho ni Februari 16. Tafadhali muulize Februari 5, na usingoje siku ya mwisho. Mkazi nimemwambia tu kwamba limefika, sijamwahidi kwamba atapewa.

Malalamiko ya mtaro ulioziba karibu na shule. Mhandisi alisema angefika wiki hii. Akikosa kufika kufikia Februari 6, mpigie. Mwalimu mkuu anataka kujibiwa kwa barua pepe, si kwa simu.

Barua ya familia yenye ripoti ya hospitali, kuhusu msaada wa karo. Ina habari za ugonjwa wa mtoto. Usiipeleke kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa afisa wa basari."

Kila jambo litaje mambo manne: lilipofika, nani ameshika mpira, hatua inayofuata na tarehe yake, na kilichoahidiwa. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linalozua ugomvi, kwa sababu mpokeaji akijibu kwa wema tu anaweza kuahidi kile ambacho mwenzake alikuwa amekikataa. Kaeni pamoja nusu saa, mwisome taarifa hiyo huku kisanduku kikiwa wazi mbele yenu.

Mwishoni washa jibu la likizo, lililo katika "General" chini ya "Vacation responder". Weka siku ya kwanza Februari 2 na ya mwisho Mei 3. Maneno machache yanatosha: "Niko likizoni hadi Mei 3, 2026. Barua yako inasomwa na mwenzangu katika afisi ya wadi, naye atakujibu kwa anwani hii hii." Usitaje kwamba umejifungua, wala usiweke nambari yako ya simu, kwa maana jibu hilo humfikia hata mgeni. Mtu yule yule akiandika tena na tena, Gmail humtumia jibu hilo mara moja tu katika siku nne.

Nawe mkazi unayepata jibu kama hilo, fahamu kwamba limetoka kwa mashine. Halionyeshi kwamba kuna mtu aliyesoma ombi lako. Hata hivyo lihifadhi, kwa sababu linaonyesha tarehe barua yako ilipofika, na siku zako 21 zinahesabiwa kutoka hapo. Wiki mbili zikipita kimya, andika tena chini ya barua ile ile ukitaja tarehe ya kwanza. Siku 21 zikiisha, unaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, na nakala za barua hizo mbili ndizo utakazohitaji.

Mei 4, kabla ya kufungua barua yoyote, karani aondoe ruhusa ya mwenzake na kukifuta kichujio. Kikiachwa, maombi yataendelea kumfikia msimamizi kimyakimya, na siku msimamizi naye atakapoenda likizo na kuweka kanuni ya kurudisha barua kwa karani, barua moja inaweza kuanza kuzunguka kati ya visanduku viwili. Kisha afungue barua zilizotumwa tangu Februari na azisome kwa mpangilio, huku mwenzake akiwa ameketi kando yake.