Ankara Inasema Tarehe 13, Pesa Inaingia Lini? Kukadiria Pesa za Wiki Sita Kutoka kwa ERP Yako

Wateja wetu wengi sasa wana mfumo wa ERP, iwe ni Odoo, Sage au mwingine. Ankara zimo ndani, madeni ya wasambazaji yamo, oda zimo. Lakini ukimuuliza mwenye biashara kama tarehe 20 atakuwa na pesa za kulipa VAT, anafungua simu, anaangalia salio, halafu anakisia. Majibu karibu yote tayari yako kwenye mfumo. Shida ni kwamba mfumo ukiachwa peke yake utakupa picha nzuri kuliko ukweli. Katika somo hili tutaonyesha kwa nini, na jinsi ya kurekebisha, kwa kutumia biashara moja ya mfano.

Tuseme ni duka la jumla la mabati na saruji mjini Nakuru, linalouza kwa mkopo wa siku 30. Leo ni Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026. Benki kuna shilingi 420,000 na kwenye akaunti ya malipo ya simu kuna 180,000. Jumla 600,000.

Ripoti ya wateja wanaodaiwa (kwenye Odoo inaitwa `Aged Receivable`) inaonyesha 1,450,000 hivi: duka la vifaa vya ujenzi la Naivasha 300,000, zinazofaa kulipwa tarehe 6 Februari, mwanakandarasi wa Gilgil 700,000, tarehe 13, shule ya bweni ya Njoro 330,000, tarehe 20, na duka la Molo 120,000, ambazo tarehe yake ilipita Januari 30.

Upande wa kulipa, `Aged Payable` inaonyesha kodi ya nyumba 80,000 tarehe 5, mwenye lori 90,000 tarehe 6, na kiwanda cha mabati 850,000 tarehe 18.

Ukipanga hesabu kwa tarehe hizo zilivyo, biashara inafika mwisho wa wiki ya tatu, tarehe 22 Februari, ikiwa na 1,030,000. Mwenye duka akiona hiyo namba anaweza kuagiza mzigo mwingine kesho yake. Ngoja kwanza.

Tarehe ya ankara si tarehe ya pesa

Tarehe ya mwisho ya kulipa ni makubaliano. Tabia ya mteja ni kitu kingine, na tabia hiyo mfumo wako unaijua kwa sababu umerekodi kila malipo ya nyuma. Chukua ankara sita za mwisho ambazo mteja ameshalipa. Kwa kila moja, toa tarehe iliyofaa kutoka kwa tarehe aliyolipa. Mwanakandarasi wetu wa Gilgil amechelewa siku 21, 24, 19, 90, 27 na 24.

Ukitafuta wastani wa kawaida unapata siku 34, lakini hiyo 90 inakudanganya. Ilikuwa ankara ambayo mabati yalifika yamekunjika na mkabishana miezi mitatu. Ndiyo maana sisi tunapendelea namba ya katikati, ile unayoipata ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Hapa ni 24. Kwenye Excel, kama ucheleweshaji uko kwenye safu ya B na tarehe ya kulipa iko kwenye D2:

```
=MAX(D2 + MEDIAN(B2:B7), TODAY()+7)
```

Sehemu ya `MAX` ipo kwa sababu moja. Ankara iliyochelewa kuliko kawaida ya mteja huyo itakupa tarehe iliyokwisha kupita, na pesa haziingii jana. Fomula inaisukuma wiki moja mbele ili uifuatilie. Ikiwa ankara ina mzozo, iondoe kabisa kwenye makadirio mpaka muelewane, hata kama ripoti bado inaihesabu.

Kwa mfano wetu, Naivasha huchelewa siku 3, kwa hivyo pesa zao zinaingia tarehe 9 Februari. Shule huchelewa 10, tunafika tarehe 2 Machi. Gilgil, siku 24, ni tarehe 9 Machi. Shilingi 700,000 zimehama kutoka wiki ya pili hadi ya sita, na hakuna mtu aliyekosea kuandika chochote kwenye mfumo.

Pesa iliyohesabiwa mara mbili

Duka la Molo tumeliacha makusudi. Ripoti inasema linadaiwa 120,000. Ukifungua taarifa ya akaunti yako ya simu, utaona 120,000 ziliingia Januari 31 kutoka kwa mwenye duka hilo. Alilipa, ila kwenye sehemu ya kumbukumbu aliandika "mabati" badala ya namba ya ankara, kwa hivyo mfumo haukuweza kuyaoanisha malipo na ankara. Pesa ziko ndani ya zile 180,000 tulizoanza nazo. Ukiziweka tena kama zinazotarajiwa, umejipatia 120,000 za hewa.

Hili tunaliona zaidi kwa wanaopokea malipo ya simu, na linajulikana kwa ishara mbili. Ya kwanza, mteja anayelipa vizuri siku zote anaonekana ghafla amechelewa. Ya pili, kuna salio kwenye akaunti ya kungojea, ile ya pesa zilizoingia bila kujulikana ni za ankara gani (Odoo huiita `Bank Suspense Account`). Salio hilo lisipokuwa sifuri, usianze kukadiria. Oanisha kwanza malipo yote, ndipo utoe ripoti.

Oda zilizothibitishwa hutoa pesa kabla ya kuleta

Shule ya Njoro iliagiza mali ya 550,000. Sehemu ya 330,000 imeshapelekwa na kuandikiwa ankara, ndiyo ile iliyo kwenye orodha ya madeni. Wanaochukua oda nzima na kuijumlisha na ankara wanahesabu hizo 330,000 mara mbili. Kinachotakiwa ni kiasi kilichobaki tu, 220,000.

Angalia pia usikose kilichobaki. Kama bidhaa zako zimepangwa kutozwa baada ya kupelekwa, Odoo itaiandika sehemu ambayo haijapelekwa kuwa `Nothing to Invoice`. Ukichuja `To Invoice` peke yake, hizo 220,000 hutaziona. Ni afadhali uchukue oda zote zilizothibitishwa na utoe kilichokwisha kuandikiwa ankara.

Sasa, 220,000 zitaingia lini? Mzigo unapelekwa tarehe 16 Februari na ankara inatoka siku hiyo. Ongeza siku 30 za mkopo na siku 10 za kuchelewa kwa kawaida, unafika Machi 28. Hiyo ni nje ya wiki zetu sita. Lakini ili kuupeleka, duka limeagiza saruji ya 160,000 kwa msambazaji anayetaka pesa mkononi mzigo ukifika, tarehe 12 Februari. Oda hiyo ya ununuzi haiko kwenye `Aged Payable`, kwa sababu msambazaji bado hajaleta ankara. Kwa hivyo oda nzuri ya shule, katika wiki hizi sita, ni kitu cha kutoa pesa tu.

Hesabu yenyewe

Ongeza yale ambayo kwa wengi hayako kwenye orodha ya madeni mpaka siku yenyewe: PAYE, NSSF, SHA na ushuru wa nyumba kufikia tarehe 9 ya kila mwezi, jumla 40,000, VAT ya Januari kufikia tarehe 20, 65,000, mishahara tarehe 27, 210,000, na kodi ya nyumba ya Machi, 80,000.

| Wiki inayoanza | Zinaingia | Zinatoka | Salio |
|---|---|---|---|
| 2 Feb | 0 | 170,000 | 430,000 |
| 9 Feb | 300,000 | 200,000 | 530,000 |
| 16 Feb | 0 | 915,000 | −385,000 |
| 23 Feb | 0 | 210,000 | −595,000 |
| 2 Machi | 330,000 | 80,000 | −345,000 |
| 9 Machi | 700,000 | 40,000 | 315,000 |

Pale ambapo ripoti ilituahidi 1,030,000, kuna shimo la 385,000, na siku ya mishahara linafika karibu 600,000. Biashara haina hasara. Mwishoni inatoka na 315,000. Pesa zimekawia tu, lakini wafanyakazi hawawezi kungoja mpaka tarehe 9 Machi.

Tofauti ni kwamba leo ni tarehe 2, na shimo liko wiki mbili mbele. Kiwanda kikipigiwa simu leo kinaweza kukubali 400,000 tarehe 18 Februari na 450,000 tarehe 11 Machi. Kikipigiwa tarehe 18 asubuhi, tayari wewe ni mdaiwa sugu. Mpango huo unaacha 65,000 wiki ya tatu, lakini mishahara bado inakosa 145,000. Basi mwanakandarasi anaulizwa alipe nusu ya deni kabla ya tarehe 27 kwa punguzo la asilimia 2. Punguzo ni 7,000, zinaingia 343,000, na baada ya mishahara zinabaki 198,000. Mwisho wa wiki ya sita salio ni 308,000. Duka limelipa 7,000 kuziba shimo la karibu 600,000. Kwetu hiyo ni bei nzuri, ilmradi Gilgil akubali. Asipokubali, bado unazo wiki za kutafuta njia nyingine, labda kuomba kuchelewesha ile saruji.

Mbona wiki sita na si miezi sita? Kwa sababu ERP inajua yaliyoahidiwa tu. Hata mauzo mapya ya leo, kwa mkopo wa siku 30, hayaingizi pesa kabla ya tarehe 4 Machi. Ndani ya muda huo orodha zako zina karibu kila kitu. Ukienda mbali zaidi, upande wa kuingia unaanza kukauka kwenye karatasi, si kwa sababu biashara inakufa, bali kwa sababu oda za Aprili bado hazijaandikwa. Duka letu haliuzi rejareja. Kama wewe una mauzo ya kaunta kila siku, yape mstari wake peke yake, usiyachanganye na ankara.

Kila Jumatatu, kabla ya kutoa makadirio mapya, weka ya wiki iliyopita kando ya kilichotokea. Pesa zikikosekana, jiulize kama zimechelewa au hazipo. Zilizochelewa zinabadilisha siku za mteja huyo kwenye fomula. Zisizokuwepo, mara nyingi utakuta ni bidhaa zilizorudishwa ambazo bado hazijaandikiwa hati ya kupunguza deni, au malipo ya simu ambayo bado yamekaa kwenye akaunti ya kungojea.