Kilichojificha nyuma ya neno Parfum

Mdogo wangu wa Luberizi uliyeniandikia kuhusu shingo inayowasha, pole sana. Umefanya vizuri kunitumia picha za migongo ya chupa zako tatu, maana huko nyuma ndiko kwenye habari. Mbele wameandika tu kwamba utanukia.

Parfum si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, mara nyingi makumi, na mtengenezaji anaruhusiwa kuufunika wote kwa neno hilo ili washindani wasiibe siri yake. Ulaya iliubana usiri huo: tangu 2005, vitu 26 vinavyojulikana kuleta mzio lazima vitajwe kwa majina vikizidi asilimia 0.001 katika mafuta yanayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika sabuni inayosuuzwa. Kwenye chupa ya gramu 400 ya mafuta ya kujipaka, hizo ni miligramu 4 tu. Ndiyo maana majina hayo huonekana mwishoni kabisa, karibu na Parfum.

Sasa tazama chupa zako. Ya kwanza, iliyokuwasha, ina Linalool, Limonene na Hydroxycitronellal. Ya pili, iliyokuwasha pia, ina Linalool, Citronellol na Hydroxycitronellal. Ya tatu unaipaka kila siku bila shida, nayo ina Linalool na Limonene. Mshukiwa wangu ni Hydroxycitronellal. Hilo pekee liko kwenye chupa mbili mbaya na halimo kwenye ile nzuri.

Ni mshukiwa tu, bado hajahukumiwa. Huenda kinachokuwasha hakimo kabisa kwenye vile 26. Ulaya yenyewe imekiri orodha ilikuwa fupi: mwaka 2023 iliipanua ikapita vitu 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuifuata kuanzia 31 Julai 2026. Tena, chupa yenye Parfum peke yake isikufurahishe haraka. Pengine vitu hivyo ni kidogo mno, au pengine ilitengenezwa kwa soko lisilodai vitajwe.

Na hao wanaokuambia ununue "ya asili"? Mafuta ya lavenda yamejaa Linalool. Linalool na Limonene zikikutana na hewa hubadilika na kuwa kali zaidi kwa ngozi, kwa hiyo chupa ya zamani inayoachwa wazi inaweza kuanza kukuwasha hata kama mwanzo haikukusumbua.

Kwa sasa acha zile mbili, upake vaselini isiyo na harufu mpaka ngozi ipone. Ukitaka kujaribu mafuta mapya, paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 mfululizo. Usikate tamaa mapema wala usishangilie mapema, kwani upele wa mzio mara nyingi hutokea baada ya siku moja hadi tatu. Ukivimba uso au ukishindwa kupumua, nenda kituo cha afya mara moja.

Na katoni usiitupe dukani: mara nyingi orodha iko juu yake, si kwenye chupa.