Ushuhuda wa mteja: namna ya kuuandika uaminike

Ndugu wanachama, koperative nyingi zinapenda kubandika maneno ya mteja kwenye ukuta wa depo ao juu ya mfuko. Mara nyingi mnunuzi anasoma, anacheka kidogo, anapita. Tuangalie sababu yake, halafu tusahihishe ushuhuda mmoja pamoja.

Tuseme koperative inauza mchele wa Bonde la Ruzizi kule Bukavu. Mteja wake mmoja ni mama mwenye restora ndogo karibu na soko la Kadutu. Karani amemuomba aseme neno, na kwenye ukuta wa depo kumeandikwa hivi:

«Mchele wa koperative hii ni bora sana, hauna mfano! Huduma ni ya hali ya juu. Nimefurahi mno. Wote mununue hapa!»

Mama huyu ni mtu wa kweli, na mchele anaupenda kweli. Lakini maneno yake yananuka uongo. Funika neno «mchele» kwa kidole, weka «sabuni» ao «mafuta ya mawese»: ushuhuda unabaki vilevile. Maneno yanayoweza kusifu kila kitu hayamwambii mnunuzi kitu juu ya mchele huu. Tena, mama wa restora hasemi «huduma ya hali ya juu». Ile ni sauti ya karani, na watu wanaitambua, zaidi sana kama shuhuda tatu ukutani zinasema namna moja.

Karani asikae mezani kutunga maneno mengine matamu. Arudi kwa mama yule. Asimuulize «Mchele wetu uko muzuri?» kwa sababu atajibiwa «ndiyo» tu, kwa heshima. Amuulize hivi: Mbele ya kuja kwetu ulikuwa unanunua wapi, na shida ilikuwa gani? Siku ya kwanza ulipopika mchele wetu uliona nini? Unachukua mifuko mingapi? Kitu gani kwetu hakikupendezi? Kisha anyamaze, aandike maneno vile yanatoka kinywani:

«Nilikuwa nanunuaka mchele ya soko. Kila asubui mutoto anachagula majiwe saa nzima, na siku moja mutu akaluma jiwe, akakatala kulipa. Sasa ninachukuaka mifuko mbili ya kilo 25 kila juma. Mutoto anapepeta mara moja tu, tunaweka ku moto. Ila wakati ya mvua munachelewaka kuleta.» Mama wa restora, Kadutu, mwezi wa tatu.

Hapa hakuna neno «bora» hata moja. Kazi yote imefanywa na lile jiwe, kwa sababu kila mtu anayepika mchele wa soko analijua. Hata makosa ya sarufi tusiyaondoe, ndiyo sauti yake.

Sentensi ya mwisho ndiyo viongozi wengi wanataka kukata. Sisi tunasema iachwe. Anayejua barabara ya Kamanyola wakati wa mvua atasema: huyu hakulipwa. Na akiamini habari ya kuchelewa, ataamini na habari ya majiwe. Lakini kuna lawama isiyofaa ukutani: kama mama angesema mchele unanuka uvundo, hiyo ni kazi ya wale wanaoanika, waitiwe mara moja.

Mbele ya kubandika, karani afungue daftari la mauzo. Mama amesema mifuko miwili kwa juma. Kama daftari linaonyesha miwili kwa mwezi, arudi kumuuliza, asijirekebishie hesabu mwenyewe. Na asiongeze jiwe ambalo halikuwapo. Kadutu si mbali, mnunuzi anaweza kwenda kumuuliza mama mwenyewe, na uongo wenye hesabu unashikwa upesi kuliko sifa tupu.

Halafu amsomee mama maandishi yote na kumuuliza kama anakubali mahali pake patajwe. Wengine hawapendi watoza kodi wajue wananunua kiasi gani, na tunawaelewa. Basi hesabu iondolewe, majiwe yabaki.

Bei isiandikwe, inabadilika kila mara. Mwezi uandikwe, kwa kuwa ushuhuda ni wa mavuno yale tu. Mavuno yanayofuata yakianikwa chini kwenye udongo, bila shitingi, majiwe yatarudi ndani ya mfuko, na karatasi ile itapaswa kubanduliwa.