Lita 3,600 Ndani ya Mtu wa Kilo 60

Maswali yafuatayo aghalabu huulizwa na wanafunzi wa uuguzi na wa famasi wanapofikia somo la ujazo wa mtawanyiko wa dawa. Mfamasia wa hospitali anayajibu hapa, akitegemea zaidi dawa mbili: jentamisini na amiodaroni.

Swali: Ujazo huu hupatikanaje?

Jibu: Hupatikana kwa kugawanya, wala hakuna aliyewahi kuupima kwa kikombe. Tuseme mgonjwa wa kilo 60 amepigwa sindano ya jentamisini ya miligramu 300 katika mshipa, kisha damu yake ikachukuliwa baada ya saa 2, ikaonekana kuwa kila lita ya plazma ina miligramu 10, na ilipochukuliwa tena baada ya saa 4 ikawa na miligramu 5. Maadamu kiwango kinapungua kwa nusu kila saa 2, tukiurudisha mstari wa grafu nyuma hadi wakati ule wa sindano tunapata miligramu 20 kwa lita, nacho ndicho kiwango ambacho kingalikuwapo lau dawa yote ingalienea mara moja kabla ya figo kuitoa hata kidogo. Hesabu yenyewe basi ni hii:

Vd = dozi ÷ C0 = 300 ÷ 20 = lita 15

Ukizigawa lita hizo kwa kilo 60 unapata robo lita kwa kila kilo. Jentamisini hupenda maji, nayo kwa kuwa hubeba chaji haivuki utando wa seli kwa wepesi, hivyo hubaki katika plazma na katika maji yanayozizunguka seli, na lita 15 hazipitani sana na kadiri ya maji hayo. Hapa hesabu imeafikiana na maumbile, na maafikiano hayo ndiyo yanayomghuri mwanafunzi akadhani kwamba kila ujazo wa mtawanyiko ni mahali fulani mwilini.

Swali: Mbona basi amiodaroni huandikiwa lita 60 kwa kila kilo, yaani lita 3,600 kwa mgonjwa huyo huyo, hali maji ya mwili wake wote hayafiki lita 40?

Jibu: Kwa sababu tunapima plazma peke yake, kisha tunauhukumia mwili mzima kana kwamba mwili wote ni plazma. Mimina rangi ya nguo katika ndoo ya maji ambamo mmezamishwa kitambaa kizito cha pamba: baada ya muda rangi imenaswa na kitambaa na maji yamebaki mepesi, na mtu asiyejua habari ya kitambaa, akiulinganisha wepesi wa maji yale na kiasi cha rangi alichomimina, ataapa kwamba ndoo ile ni kubwa kama pipa.

Kitambaa katika mwili ni mafuta, ini, mapafu, ngozi na misuli. Molekuli ya amiodaroni sehemu yake kubwa ni ya mafuta, kwa hiyo huyeyuka katika utando wa seli, ambao wenyewe ni wa mafuta, ikapenya bila ya kungoja mlango. Aidha ina upande wa besi, na upande huo, ikiingia katika vifuko vyenye asidi ndani ya seli, hupata chaji na kushindwa kutoka tena kwa wepesi. Yakutanapo mambo hayo mawili, yaani kupenda mafuta na kuwa besi, dawa hujikusanya katika tishu kwa wingi, na plazma huachiwa chembe chache mno. Dozi inayogawanywa ni ile ile, kigawanyo kimekuwa kidogo, na jawabu halina budi kuwa kubwa.

Swali: Tumefundishwa kwamba dawa ikishikana sana na protini za plazma hubaki ndani ya damu. Amiodaroni nayo hushikana nazo kwa asilimia 96 hivi. Hii si hitilafu?

Jibu: Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linawafichua waliokariri. Kushikana na protini ni upande mmoja tu wa mvutano, na upande wa pili ni tishu. Warfarini nayo hupenda mafuta, lakini ni asidi, na albumini huishika kwa asilimia 99 hali tishu haziishiki kwa nguvu ya kutosha. Ndipo ujazo wake ukawa lita 8 au 10 tu kwa mtu mzima. Amiodaroni hushikwa na plazma, naam, lakini tishu huivuta kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kila dawa ya mafuta ina ujazo mkubwa. Muulize kwanza ni upande gani unaoshinda.

Swali: Nambari hii inatufaa nini wodini?

Jibu: Inaeleza ile dozi ya kuanzia ambayo kila mwaka huwashangaza wanafunzi. Tukitaka plazma ya mgonjwa wetu iwe na miligramu 1.5 za amiodaroni kwa lita, yatupasa kuzidisha 1.5 kwa 3,600, tupate miligramu 5,400 ambazo lazima ziwemo mwilini. Na kwa kuwa takriban nusu tu ya tembe inayomezwa hufika katika damu, ingawa kadiri hiyo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, inakuwa miligramu 10,800, yaani tembe 54 za miligramu 200. Ndiyo maana vitabu husema gramu 10 hivi kwa jumla.

Tahadhari, hata hivyo: gramu hizo hazipewi mara moja. Dawa iingiapo hupitia kwanza damu na viungo vinavyopata damu nyingi, moyo ukiwa miongoni mwao, na mafuta huchukua siku na wiki kujaa. Anayeharakisha huuelemea moyo, mapigo yakapungua na presha ikashuka kabla tishu hazijapata fungu lake. Kwa sababu hiyo hugawanywa kwa siku nyingi, na muuguzi hupima mapigo na presha kabla ya dozi.

Swali: Mgonjwa akizidishiwa dawa hiyo, mashine ya kusafisha damu haitamsaidia?

Jibu: Haitamsaidia. Mashine husafisha kile kilichomo katika damu. Katika zile miligramu 5,400, plazma ya lita 3 ina miligramu 4.5 tu, yaani sehemu moja katika 1,200, na nyingi ya hizo zimeshikwa na protini.

Swali: Na mgonjwa akiacha kuimeza?

Jibu: Tishu huirudisha katika damu polepole, kwa wiki na miezi. Nusu-maisha yake hukadiriwa kuwa siku 50 hivi, nayo hutofautiana sana kwa watu. Fikiri basi juu ya mtu aliyeacha amiodaroni mwezi uliopita, faili lake jipya halina jina la dawa hiyo, na leo anaanzishiwa warfarini kwa dozi ya kawaida. Amiodaroni iliyomo tishuni mwake bado inalizuia ini kuivunja warfarini, na INR yake yaweza kupanda kupita kiasi, fizi zikatoka damu au mkojo ukawa mwekundu. Anayempokea asimwulize tu, "Unatumia dawa gani?" Amwulize pia ni dawa gani za moyo alizowahi kutumia tangu mwaka jana, na aliziacha lini; na likitajwa jina la amiodaroni, daktari aarifiwe kabla ya dozi ya kwanza, ili warfarini ipunguzwe na INR ipimwe mara kwa mara, kisha dozi ipandishwe kidogo kidogo kadiri amiodaroni inavyozidi kutoka.